F-Shapu ya Mwalimu, G-Flati Yetu

Wimbo ulinifikia kwenye simu, umepigwa picha ukiwa juu ya meza yenye kitambaa cha kufuma, na kona moja ya karatasi ilikuwa imekandamizwa kwa chupa ya asali. Ulitoka Ipole. Mwalimu wa kwaya wa huko alikuwa ameutunga yeye mwenyewe, wimbo wa shukrani, na kanisa lao jipya lilikuwa linakaribia kuwekwa wakfu. Aliomba bendi yetu ya matarumbeta kutoka Tabora mjini iende kuupiga pamoja na kwaya yake.

Katika bendi mimi hupiga tarumbeta ya tatu, na kwa kuwa hati yangu inasomeka, ni mimi ninayemwandikia kila mpigaji karatasi yake. Basi niliikuza picha kwa vidole viwili nione nina kazi kiasi gani. Mwanzoni mwa mstari palikuwa na shapu sita.

Kwa asiyezoea mambo haya: shapu ni alama inayoinua noti nusu hatua, yaani inakupeleka kwenye kibao cha kinanda kinachofuata upande wa kulia. Flati inashusha nusu hatua, inakupeleka kushoto. Shapu sita mwanzoni mwa mstari maana yake wimbo uko kwenye F-shapu, na karibu kila noti imeinuliwa. Kwa kinanda hilo linavumilika. Kwa matarumbeta yetu ni balaa, kwa sababu yana tabia yao: ukisoma C, inayotoka ni B-flati, hatua nzima chini. Kwa hiyo anayeyaandikia hulazimika kupandisha kila kitu hatua nzima, ili yakishusha, yafike mahali panapotakiwa. Nikapandisha F-shapu hatua nzima, nikapata G-shapu. Hesabu yake ni shapu nane. Na herufi za muziki ni saba tu, kwa hiyo shapu ya nane inabidi impande F, ambaye tayari amebeba moja.

Niliandika hivyo hivyo. Nilidhani kazi yangu ni kutii.

Jumamosi mchana tulikusanyika nyuma ya kanisa, kwenye kivuli cha ukuta, kama kawaida yetu. Kiongozi wa bendi ni mzee aliyefanya kazi reli maisha yake yote mpaka akastaafu, na bado husimama kama mtu anayesubiri treni iliyochelewa. Aliishika karatasi mbali na macho, akaileta karibu, akaipeleka mbali tena.

"Hiki ni nini?"

"Wimbo wa Ipole, mzee."

"Mbona umejaa senyenge?"

Watu walicheka, lakini tulipojaribu kuupiga hakuna aliyecheka. Sisi tumekulia kwenye flati. Nyimbo tulizorithi, vitabu vyetu, hata mazoezi tunayowapa wanaoanza, vyote viko kwenye flati mbili, tatu, nne. Vidole vinajua njia hiyo gizani. Fundi cherehani anayepiga tarumbeta ya pili, mpigaji mzuri kuliko sisi wote, alisimama katikati ya mstari, akafuta mdomo, akasema, "Samahani. Nikifikiri noti hii ni ipi, nyingine imeshapita."

Kiongozi alikunja karatasi. "Mwambie mwalimu ashushe wimbo nusu hatua, uwe kwenye F. Au apandishe, uwe kwenye G. Akikataa, tutampelekea salamu na maombi yetu. Hatuwezi kwenda kuwaaibisha watu mbele ya askofu."

Nilimpigia mwalimu simu. Aliyepokea ni mkewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwalimu hawezi kuzungumza kwenye simu, mwanangu. Njoo tu."

Sikuelewa maana ya "hawezi" mpaka nilipofika Ipole na kukaribishwa uani kwao. Mwalimu alikuwa mzee mrefu, shati limefungwa hadi kifungo cha juu. Nilipomwamkia, "Shikamoo, mwalimu," midomo yake ilisema marahaba lakini iliyotoka ilikuwa pumzi tu, kama upepo kwenye majani makavu. Alikuwa ameugua koo. Walimtibu akapona, ila sauti haikurudi. Mtu aliyefundisha sauti nne kwa kuziimba mwenyewe zote, kutoka besi hadi soprano, sasa alikuwa akinong'ona.

Tulikunywa chai, tukala viazi na asali, kisha nikamweleza nilichotumwa. Nilijitahidi kuwa mpole. Nilimwambia wimbo ni mzuri, ila bendi inaomba ushuke nusu hatua tu.

Alitikisa kichwa, akachukua kofia yake, akaniashiria nimfuate.

Kanisa la zamani lilikuwa bado limesimama kando ya lile jipya, na ndani yake mlikuwa na kinanda cha kukanyaga, kile chenye mifuko ya hewa chini na ndimi za shaba ndani. Kilikuja zamani na wamisionari. Mwalimu alikaa, akaanza kukanyaga, akabonyeza C ya katikati. Hakikutoka kitu. Akabonyeza E. Kimya. G ilitoa mluzi kama wa birika. A ilikuwa kimya. Akafungua ubao wa nyuma akanionyesha: nyigu walikuwa wamejenga nyumba zao za udongo humo ndani mwaka baada ya mwaka, na nyumba hizo zilipobanduliwa ziling'oka na ndimi kadhaa.

"Vyeusi vyote vizima," alininong'oneza, akivipitisha kidole. "Na B. Na hii F. Na D hii moja."

Ndipo nikaelewa. F-shapu haikuwa majivuno wala ugumu wa makusudi. Wimbo wa F-shapu unapita kwenye vibao vyote vitano vyeusi na vyeupe viwili tu, B na F. Alikuwa ametunga kwa kufuata vibao vilivyobaki hai. Ukimshusha kwenye F, anahitaji C na E na G na A. Ukimpandisha kwenye G, ni hivyo hivyo.

"Tunaweza kuja na kinanda cha umeme kutoka mjini," nilisema. "Kile kina kitufe cha kuhamisha wimbo juu au chini."

Alitikisa kichwa. "Kwaya imejifunza kwa hiki. Na mimi," aliweka mkono kooni, "hiki ndiyo sauti niliyobakiwa nayo."

Alipiga wimbo wake wote, mimi nikiwa nimesimama pembeni. Ulianza chini, taratibu, ukapanda kama watu wanaoinua kitu kizito kwa zamu. Katikati palikuwa na mahali ambapo sauti ya pili ilichomoza kidogo, ikawa kama inauliza swali, kisha ikajibiwa na noti ya juu yake, na wimbo wote ukaingia kwenye huzuni fupi kabla ya kurudi kwenye furaha. Nywele za mikono zilinisimama. Nilijua lazima bendi ije.

Nikawa naangalia vidole vyake. Alikuwa anabonyeza kibao cheusi, kile kilicho kati ya F na G, mara kwa mara, kama mtu anayerudi nyumbani. Nikajiuliza kwa nini nakiita F-shapu. Kwa sababu karatasi imesema hivyo. Lakini kibao kiko kati ya watu wawili. Ukikifikia kutoka kwa F, ni F iliyoinuliwa. Ukikifikia kutoka kwa G, ni G iliyoshushwa. G-flati. Sauti ni ile ile, kidole kile kile.

Na matarumbeta? Ukiipandisha G-flati hatua nzima unapata A-flati. A-flati ina flati nne.

"Mwalimu!" nilisema kwa sauti ambayo haikufaa kanisani. "Tukiuandika kwenye G-flati?"

Nilidhani atafurahi. Aliacha kukanyaga, na kinanda kikaishiwa pumzi.

"Wimbo wangu si wa flati," alinong'ona. "Shapu inainua. Flati inashusha. Mimi nimeandika shukrani. Wewe unataka kuishusha?"

"Haishuki, mwalimu. Kibao ni hicho hicho."

"Kama ni hicho hicho, kwa nini kiwe na majina mawili?"

Lilikuwa swali la haki. Niliketi kwenye benchi la kwaya nikatafuta jibu. Wakati huo mkewe alikuwa ameingia kutuita tukale, amesimama mlangoni akisikiliza.

"Nyumbani wajukuu wanamwitaje mama huyu?" nilimuuliza mwalimu.

"Bibi."

"Na watoto wa kaka yake?"

"Shangazi."

"Akiitwa shangazi anapungua?"

Mama alicheka. "Ninaongezeka," alisema. "Wale wa kaka yangu ndio wanaonitumia vitenge."

Mwalimu alitabasamu kidogo, lakini hakuwa mtu wa kushindwa kwa utani. Alichukua chaki, akaandika kwenye ubao wa kwaya ngazi yake ya F-shapu: F-shapu, G-shapu, A-shapu, B, C-shapu, D-shapu, E-shapu. Aligonga ile ya mwisho.

"Hii E-shapu," alinong'ona. "Ni kibao cheupe. Ni F. Lakini mwalimu wangu alinichapa nilipoiita F. Akasema ngazi ina herufi saba, kila herufi ipite mara moja. F imeshatumika mwanzoni. Ukiita hii F tena, F zinakuwa mbili na E hayupo."

"Ndiyo hivyo," nilisema, nikachukua chaki nami nikaandika chini yake, noti kwa noti: G-flati, A-flati, B-flati, C-flati, D-flati, E-flati, F. "Herufi saba, kila moja mara moja. Huku kwenye flati, ile B yako ndiyo inayobadilika jina, inakuwa C-flati, kwa sababu herufi B imeshachukuliwa. Na E-shapu yako inarudi kuitwa F tu."

Alisogea karibu na ubao. Alizipima ngazi mbili kwa kidole, juu na chini, juu na chini, kama anayehakiki kwamba safu mbili za matofali zinalingana. Kisha akauliza swali ambalo nilipaswa kulifikiria kabla yake.

"Na kwaya?"

"Kwaya inasoma d, r, m: doh, re, mi. Doh itaanza pale pale. Hawatajua kama jina la kibao limebadilika."

Hapo alicheka kwa mara ya kwanza, kicheko kisicho na sauti, mabega tu. "Basi niandikie flati zako. Lakini ya kwangu, ya kinanda, ibaki shapu. Nimezeeka na jina hilo."

Usiku ule nililala kwao, na kesho yake niliandika nikiwa uani hadi mchana, mama akiniletea chai na kuniuliza kila mara kama bado naandika wimbo ule ule mmoja. Niliandika kwa raha ya mtu aliyepata ufunguo. Kila penye shapu niliweka flati, nikahamisha, nikaandika safi. Nilirudi Tabora, nikagawa karatasi, na Jumamosi iliyofuata matarumbeta yalipiga wimbo kutoka mwanzo hadi mwisho. Kiongozi alipangusa miwani yake akasema, "Mbona sasa ni wimbo?" Pale katikati palisikika pamepooza kidogo, lakini bila kwaya wala kinanda nilidhani ndivyo panavyopaswa kuwa.

Tuliingia Ipole siku moja kabla ya ibada. Mashamba yalikuwa yamevunwa, na mabani, vile vibanda vya kukaushia tumbaku, yalikuwa yananukia njia nzima. Wanakwaya walitupokea kwa mwangaluka, salamu ya Kinyamwezi, na vigelegele, wakatubebea vyombo mpaka kanisani. Kinanda kilikuwa kimehamishiwa kwenye kanisa jipya. Sauti yake ilikuwa chini kidogo kuliko yetu, kwa hiyo tulivuta bomba za matarumbeta nje mpaka tukakutana nacho. Kiongozi akahesabu, tukaanza.

Sijui niseme vipi kuhusu dakika ile ya kwanza. Kwaya, kinanda na bendi, wengine kwenye shapu na wengine kwenye flati na wengine hawana habari na yoyote, wote kwenye doh moja. Mwalimu alikuwa anapiga huku amefumba macho.

Kisha tukafika pale katikati, kwenye lile swali la sauti ya pili, na kitu kikakwaruza. Sauti za alto zilipanda. Kinanda kilipanda. Tarumbeta ya pili ilibaki pale pale, imeng'ang'ania. Mwalimu alifumbua macho, akainua mkono.

Tukarudia. Ikakwaruza tena. Fundi cherehani alitazama karatasi yake kwa uchungu. "Napiga kilichoandikwa," alisema.

Mwalimu aliinuka, akaja mpaka kwake, akainama juu ya karatasi. Nami nikasogea. Aliweka kidole juu ya noti.

"Hii ni nini?"

"F-flati," fundi alijibu. "Halafu F."

Mwalimu alinigeukia. "Kwangu hapa ni *se*," alinong'ona. "Ni soh iliyoinuliwa, inakwenda *lah*. Umeiandika kama kitu kinachoshuka."

Nikaona. Kwenye karatasi yake noti hiyo ilikuwa C yenye shapu mbili, inayopigwa kwenye kile kibao cha D kilichobaki hai, na inayopanda kwenda D-shapu. Mimi, katika furaha ya kubadilisha kila shapu kuwa flati, nilikuwa nimeipa flati nayo. Kwa tarumbeta nilikuwa nimeandika F-flati, kisha F. Na sheria ya alama hizi ni kwamba flati ikishawekwa katikati ya mstari, inashika herufi hiyo mpaka kipimo, yaani kisehemu kilicho kati ya vijiti viwili vya kusimama, kiishe. Kwa hiyo F iliyofuata nayo ilikuwa imeshikwa. Fundi alikuwa anapiga sauti moja mara mbili, na alikuwa sahihi kabisa kufanya hivyo. Mwendo wenyewe, ule wa kuchomoza na kujibiwa, ulikuwa umepotea karatasini.

"Iite E," nilisema. "E ya kawaida, na alama ya kuondoa flati mbele yake. E, halafu F."

"Si kidole kile kile?" fundi aliuliza.

"Kile kile. Lakini E inayoinuliwa inakwenda kwa F. F-flati inaonekana kama inataka kushuka."

Alitoa penseli iliyokuwa nyuma ya sikio, ile ya kuchorea vitambaa, akairekebisha. Tukapiga. Safari hii tarumbeta ya pili ilichomoza pamoja na alto, na kwa kuwa alijua sasa anakokwenda, fundi aliiegemeza noti ile juu kidogo, kama waimbaji wanavyofanya bila kuambiwa, mpaka ikawa haiwezi kukaa, lazima ipande. Na ikapanda. Mama mmoja wa alto aliacha kuimba akasema, "Eee!" na hakuna aliyemkemea.

Mwalimu alirudi kwenye kinanda. Kabla hajakaa alininong'onea, "Kumbe jina lina kazi." Nilimwambia ndiyo, mwalimu.

Siku ya ibada watu walijaa mpaka nje. Wengine walitoka Sikonge, wengine hata Tabora mjini. Ulipofika wakati wa wimbo, kiongozi wa bendi hakuhesabu. Alimtazama mwalimu, na mwalimu akaanza kukanyaga, nasi tukamfuata. Niliposikia besi yetu kubwa ikiingia chini ya wanaume wa kwaya, sakafu mpya ya saruji ikitetemeka chini ya viatu vyangu, nilisahau kabisa kama tuko kwenye shapu au flati. Pale katikati wimbo uliuliza swali lake na ukajibiwa. Mkewe mwalimu alikuwa kwenye benchi la mbele. Alikuwa anaimba besi. Nadhani alikuwa anaimba sehemu ile mumewe aliyokuwa akiimba yeye mwenyewe zamani, kwa sauti yake ya mwanamke, juu zaidi, na hakuwa anajali nani anamsikia.

Baada ya chakula niliwakuta wazee wawili, mwalimu na kiongozi wetu, wamekaa kwenye ngazi za kanisa na sahani za wali magotini. Walikuwa wanabishana. Kiongozi alikuwa anadai kwamba amesikia kwa masikio yake G-flati ikiwa laini kuliko F-shapu. Mwalimu alikuwa ananong'ona kwamba huo ni uongo mtupu, kibao ni kimoja. Mwenzake akamsogelea, akaweka sikio karibu na mdomo wake ili asikie vizuri jinsi anavyokosolewa.

"Basi na ule wimbo wako mwingine," kiongozi alisema hatimaye, "ule wa jioni nilioambiwa. Uko kwenye nini?"

"C-shapu," mwalimu alinong'ona. "Bila *te*, kibao chake kimekufa."

Kiongozi alinitazama.

"D-flati," nilisema. "Kwetu tutasoma flati tatu."

"Ulete," alimwambia mwalimu, akarudi kwenye wali wake.